Nimeulizwa Nataka Mke Gani, na Mke Wangu Yupo

Kuna swali moja ambalo mwanamume mwenye ndoa yake hapaswi kuulizwa hadharani: unataka mke wa namna gani? Ukijibu "kama huyu niliye naye" unaonekana mnafiki. Ukitaja sifa ambayo huyu hana, chakula cha usiku utakitafuta kwa mama ntilie. Mimi nimeulizwa swali hilo Tandika, barazani kwa shangazi yangu, mke wangu akiwa amekaa mkekani anachambua mchele, nikalazimishwa kulijibu kirefu, sifa baada ya sifa, huku majibu yakiandikwa.

Lawama zote ziende kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 33, anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Bunju, amepanga chumba na sebule Charambe. Anayeijua Dar es Salaam ameshaguna hapo. Kutoka Charambe mpaka Bunju ni kuanza Barabara ya Kilwa na kumalizia Barabara ya Bagamoyo, yaani mji mzima kutoka kusini hadi kaskazini, kila siku, kwenda na kurudi. Anaondoka jogoo hajawika, anarudi majirani wameshafunga milango. Kijana wa ratiba hiyo mchumba ataonana naye wapi? Ndani ya daladala, amesimama, kwapa la mtu usoni?

Kwa hiyo akaenda kutafuta kwenye simu. Akajiunga na magrupu ya wasapu ya watafuta wachumba, yale ambayo kila asubuhi mtu anaweka tangazo: natafuta mume, awe na hofu ya Mungu, awe na kazi, asiwe mlevi, aliye siriasi aje inboksi. Akampata mmoja aliyesema yuko Tanga. Wakaandikiana mapenzi ya kutosha kufungua duka la vitabu. Ikafika siku ya kuonana, binti akaomba nauli. Ikatumwa. Basi likaharibika Segera. Ikatumwa ya basi lingine. Mama akaugua ghafla. Ikatumwa ya dawa. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani mpaka leo. Kula nauli kumekuwa kazi ya watu katika nchi hii, inakaribia kuombewa leseni, na mpwa wangu ni miongoni mwa wateja wake waaminifu.

Dada yangu ndiye aliyesema basi, mtoto aende kwa Shangazi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Kwa mpwa wangu ni bibi, na kwa utani wa bibi na mjukuu humwita "mume wangu", jambo ambalo lilimwaibisha kijana tangu hatujakaa. Miaka yake ni sabini na kitu, magoti hayamtii tena, lakini kichwa kinafanya kazi kuliko cha wajukuu wote. Amekuwa akiunganisha watu tangu Mbagala ikiwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Hapendi kuitwa mshenga. Anasema mshenga huja baadaye, watu wakishapendana, kazi yake ni kupeleka barua ya posa na kuzungumza mahari kwa lugha ya adabu. Yeye anakuja kabla ya mshenga, wakati mtu hana hata wa kumpelekea barua. Kuna wanaomwita dalali, naye jina hilo halimuudhi. Dalali wa nyumba akikupeleka kwenye nyumba inayovuja, anasema, atakimbia na hela ya mwezi mmoja. Yeye anakaa mtaa huu huu, atakimbilia wapi?

Malipo yake yana mpango ambao nimeukubali hata kabla sijaupenda. Elfu kumi ya kufungulia daftari. Kanga doti moja nikahi ikishafungwa. Kilichobaki, mchele na mafuta na chochote mtu alichonacho, kinaletwa Idi ya kwanza ambayo wawili hao wameila pamoja. Nikamuuliza kwa nini anajichelewesha hivyo. Akasema mtu anayelipwa siku ya harusi atakuozesha hata mbuzi ili mradi harusi ifanyike, na yule anayetaka hela nyingi kabla hujamwona mtu kwa macho huyo hana mtu. Hapo akamwangalia mpwa wangu, maana habari za Segera zilikwishamfikia.

Akatoa kaunta buku ya kwaya tatu, jalada limefungwa kwa gazeti la zamani. Akavaa miwani. Nikajua sasa kijana ataulizwa, mimi nitakunywa chai yangu na vitumbua. Shangazi akageuka akaniangalia mimi.

"Haya, wewe ndiye mteja."

Nikasema Shangazi, mteja ni huyu.

"Najua. Wewe utakuwa yeye. Mimi nitakuuliza, wewe utajibu kama yeye. Na wewe mume wangu nyamaza, usikilize. Utainua mkono pale tu mjomba wako atakapodanganya."

Huo ndio utaratibu wake, na hauna msamaha. Mtu akijiombea mwenyewe mchumba, anasema, hujibu kama yuko kwenye usaili wa kazi serikalini: kila kitu kizuri, kila kitu kimepigwa pasi. Ndugu anayemjua akiigiza kuwa yeye, ukweli unadondoka wenyewe, na mwenye habari zake analazimika kuinua mkono ama kukubali. Ameuona ukifanya kazi mara nyingi kuliko kumkazia mtu macho. Mimi nilichokiona ni kwamba nimekaa kwenye kigoda, mke wangu ameacha kuchambua mchele, na ungo umetulia magotini mwake.

"Bwana," Shangazi akaanza kwa sauti ya ofisini, "umekuja kutafuta mke. Ni mke wa namna gani?"

Nikajikohoza. Nikasema nataka mwanamke mwenye hofu ya Mungu, mpole, asiyependa makuu, mwenye kujishughulisha, umri usizidi miaka 25, asiwe na mtoto. Nikaona mpwa wangu anatikisa kichwa kukubali, nikapata moto. Nikaongeza awe mrefu kiasi, mweupe kiasi, mwenye meno yenye mwanya.

"Endelea, Baba Watoto," mke wangu akasema taratibu. "Na macho je?"

Mke wangu ni mfupi, mweusi, na meno yake yamepangana kama matofali ya mwashi mzuri. Nikaeleza kwamba nilikuwa naigiza. Nikaeleza kwamba mwanya aliutaja kijana mwenyewe njiani tukija. Hakuna aliyeinua mkono kunitetea.

"Shangazi," mke wangu akaendelea, "huyo mrefu mweupe mwandikie na jina la mume wangu pembeni, naona anamjua mpaka meno."

Shangazi hakucheka. Alisema kwa utulivu kwamba hilo nalo lina taratibu zake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, na ndani ya muda huo mke aliyepo anaruhusiwa kuweka pingamizi mume akitaka kuongeza mwingine. Sababu anazoruhusiwa kutoa zimetajwa humo humo: kwamba kipato cha mume ni kidogo na nyumba ya kwanza itataabika, au kwamba huyo anayekuja anajulikana kwa tabia mbaya, au ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Mke wangu akasema yeye ataanzia hapo kwenye kipato, na ushahidi anao. Mazungumzo yakarudi kwa mpwa wangu, asante Mungu.

Sasa nikaona kazi ya yule mama. Nilidhani ataandika zile sifa na kuanza kufunua kurasa. Hakuandika hata moja. Alizichukua neno kwa neno, akalishika kila neno masikio.

"Umesema mpole. Mpole kwa nani?"

Nikasema kwa mumewe.

"Wewe unaondoka saa kumi alfajiri, unarudi saa nne usiku. Mwenye nyumba anakuja saa tano asubuhi anataka kodi ya miezi sita mbele, anamkuta mkeo. Anamkuta mpole. Itakuwaje?"

Nikafikiri. Nikasema hapo asiwe mpole sana.

"Mama yako akija kukaa miezi miwili na kusema chumvi imezidi?"

Nikasema hapo awe mpole.

"Fundi umeme akitaka kukuibieni?"

Asiwe mpole.

"Basi hutaki mpole," Shangazi akasema. "Unataka mtu anayejua wa kumfokea na wa kumnyamazia. Huyo yupo, ila si mpole, na siku moja atakufokea wewe." Hapo ndipo akaandika. Nilichungulia: aliandika "anajua kusema".

Tukaja kwenye kutopenda makuu. Nikaeleza, kwa niaba ya kijana, kwamba ni mwanamke asiyetaka vitu vya gharama. Shangazi akauliza mshahara wa dukani ni kiasi gani. Kijana akainua mkono kabla sijadanganya, akautaja mwenyewe kwa sauti ndogo. Akaulizwa kodi, akasema elfu hamsini kwa mwezi. Akaulizwa nauli ya siku, vocha, chakula cha mchana cha dukani, na kile anachomtumia mama yake. Shangazi alijumlisha kwa kidole mezani, na kilichobaki hakikuhitaji kidole. "Asiyependa makuu maana yake asiyekula," akasema. Akaandika: "mwenye kipato chake".

Hofu ya Mungu alitumia muda mrefu zaidi, maana anasema hilo ndilo neno linaloficha mambo mengi kuliko yote. Kila mteja analitaja la kwanza, hata yule anayeonekana msikitini Idi kwa Idi. Mmoja analitaja akiwa na maana ya mwanamke asiyekagua simu. Mwingine ana maana ya asiyetoka nje. Mwingine kweli anataka wa kuamshana alfajiri. Kwa hiyo yeye huuliza kitu kimoja tu: mwezi wa Ramadhani wewe mwenyewe unaishije? Nilijibu kwamba mpwa wangu anafunga. Mkono ukainuka. Akakiri kwamba siku za kubeba simenti huwa anashindwa, na siku nyingine habebi simenti ila anashindwa vile vile. Shangazi akasema vizuri, sasa tunajua tusimpeleke kwa mtoto wa ustadhi fulani wa Yombo, ambaye walii wake, yaani baba yake, huwauliza wachumba habari za sala ya alfajiri kabla ya kuwakaribisha kiti.

Nami niseme langu hapa. Nimewahi kusoma matangazo ya wachumba ya magazetini tangu enzi za kuandika sanduku la posta, na haya ya kwenye simu ninayaona. Sifa hazijabadilika hata moja. Hofu ya Mungu, mpole, mrefu kiasi. Hiyo "kiasi" ndiyo inayonikera, kwa sababu hakuna mtu amewahi kusema ni kiasi gani. Zimekuwa kama salamu, mtu anazitaja ili aonekane ana adabu, lakini hazimwambii yeyote chochote. Shangazi anaulizia siku ya Jumanne. Jumanne hii iliyopita uliamka saa ngapi, ulikula nini, nani alikupigia simu, uligombana na nani? Mke unayemtaka, Jumanne hiyo angekuwa wapi? Ukimweka mwanamke unayemwota kwenye Jumanne yako, unaona mara moja kama ana pa kukaa.

Wa mpwa wangu hakuwa na pa kukaa. Jumanne yake yote imeliwa na barabara.

Ndipo tukafungua daftari. Ndani yake, mwezi huo, kulikuwa na wanawake 40 waliokuja wenyewe au walioletwa na mama zao, kuanzia Toangoma hadi Boko. Shangazi akampa kijana penseli, akamwambia akate kwa sharti lake mwenyewe, moja moja. Asizidi miaka 25: wakabaki 17. Asiwe na mtoto: 11. Awe na kipato chake: 4. Mrefu, mweupe, mwenye mwanya: akabaki mmoja, wa Boko, mwenye saluni yake. Mpwa wangu akatabasamu kama mtu aliyepata namba ya bahati. Shangazi akafungua ukurasa wa yule binti, akasoma alichokitaka: mwanamume mwenye nyumba, au angalau kiwanja chenye hati. Akafunga ukurasa.

"Sifuri," akasema.

Kijana akataka kulegeza. Akasema basi mwanya auachie. Shangazi akamwambia mwanya, urefu na rangi vikiondoka wanarudi watatu tu, kwa hiyo hivyo si tatizo lake, ni mapambo. Kinachomuua ni masharti mawili yanayogombana yenyewe kwa yenyewe. Anataka mwenye kipato na anataka asiyezidi miaka 25. Binti wa miaka 22 wa mtaani kwetu bado anajifunza cherehani au anamsaidia shangazi yake kuuza chipsi. Kipato kinakuja na miaka. Akifika 29 ana genge lake, ana wateja wake, ana kibubu, na mara nyingi ana mtoto pia, kwa sababu maisha hayakumsubiri mpwa wangu amalize kutuma nauli. Ondoa umri, ukaacha mengine, unapata 7. Ondoa na lile la mtoto, unapata 19. Wanawake 15 wa daftari hilo walikuwa wamefungiwa nje na masharti mawili ambayo kijana aliyasema kwa mazoea tu, kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyosema.

Mimi niliona hesabu hiyo ni ya kutosha, tukapumzike. Chai ilikuwa imepoa. Lakini Shangazi akasema bado, sasa tunabadilishana. Mpwa wangu akae kwenye kigoda, awe mwanamke. Akampa na kanga ajitande.

Naomba msomaji amwone kijana wa miaka 33, muuza nondo, shabiki wa Simba asiyekosa mechi, amejitanda kanga yenye maua ya zambarau barazani Tandika, na watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi. Mke wangu aliirudia kazi ya mchele kwa moyo mweupe.

"Karibu, binti," Shangazi akasema. "Unataka mume wa namna gani?"

Kijana, kwa sauti ya pua, akasema anataka mwanamume anayejali, mwenye kazi, anayerudi nyumbani mapema. Watu wote barazani wakacheka hapo kwenye mapema. Naye akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Akiwa anafanya kazi Bunju na amepanga Charambe?"

"Nitamuuliza kwa nini asihamie Bunju."

"Kwa nini asihamie?"

Kanga ikashuka mabegani. Akajibu kwa sauti yake mwenyewe kwamba Charambe yuko karibu na mama yake, na mama haoni vizuri. Shangazi akaandika hilo kwa herufi kubwa. Tangu asubuhi hatukuwa tumelisema. Tulikuwa tumetaja mwanya, tumetaja rangi, tukaacha jambo moja ambalo litaamua mke atalala wapi na atamwogesha nani.

"Akiwa ana mtoto nje," Shangazi akaendelea, wala hakuinua macho kwenye daftari, "utamkubali?"

Kimya. Hata watoto wa mlangoni walihisi kitu.

"Nitataka aniambie mwenyewe," kijana akasema. "Nisije nikasikia kwa watu."

"Basi mwambie."

Ndivyo tulivyojua kwamba nina mjukuu wa miaka mitano Kigamboni. Mimi, mjomba mtu, niliyeitwa kuigiza maisha yake kwa kuwa eti namjua! Shangazi yeye alikuwa anajua siku nyingi. Kigamboni na Tandika si mbali, na wanawake wa vikoba wanavuka na habari zao. Hakumgombeza. Alichukua penseli, akaifuta ile "asiwe na mtoto" kwa kifutio mpaka karatasi ikakonda. Akasema amewaona wengi: anayelipigia kelele sana sharti la mtoto mara nyingi ana wake pembeni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kati ya wale 19 aliwatoa wanaokaa upande wa Tegeta na Goba, kwa kuwa hakuna atakayekubali kuhamia Charambe kumuuguza mkwe asiyemjua. Akawatoa waliotaka mwenye nyumba. Akawatoa waliosema wazi hawataki kukaa na mama mkwe. Akabaki dada mmoja wa Kongowe, fundi cherehani, miaka 31, ana mtoto mmoja, mfupi, mweusi. Mke wangu akasema, "Sifa zote hizo nzuri." Nikakubaliana naye kabla hajamaliza sentensi.

Shangazi ana masharti ya kukutana. Kwanza, hakuna nauli inayotumwa. Mwanamume ndiye anayepanda gari, anakwenda mchana, anakaa barazani watu wakimwona. Anayeomba nauli na anayetaka kutuma nauli wote hawaandikwi tena kwenye daftari. Pili, picha haitangulii, maana picha za siku hizi, anasema, zinamvua mtu hata alama ya ndui. Tatu, mahari haizungumzwi siku ya kwanza, na mwanamume asianze kulia kwamba hana. Mahari ni haki ya binti mwenyewe, yeye ndiye atakayeitaja, na amewaona walioomba msahafu na kitanda tu. Kinachowaumiza waoaji ni vile vitu vya pembeni vya ndugu: mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, na mjomba wa binti anayejitokeza dakika ya mwisho kudai chake. Hapo kwenye mjomba aliniangalia mimi kwa muda mrefu, sijui kwa nini.

Walionana. Nilitaka kuwaambia kwamba mpwa wangu alirudi anaruka, lakini alirudi na karatasi. Yule dada naye alikuwa amehojiwa na Shangazi, naye dada yake mkubwa ndiye aliyemwigiza. Kwenye igizo hilo likatoka sharti moja ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulifikiria barazani pale: mwanamume awe amepima selimundu.

Dada yake mkubwa anauguza mtoto mwenye ugonjwa huo, wanaouita siko seli, na wamelala sana hospitalini kwa ajili ya maumivu na kuongezwa damu. Yeye mwenyewe amepima, akaambiwa ana kinasaba kimoja. Mtu wa namna hiyo haumwi, anabeba tofali na kucheza ngoma kama wengine, na bila kipimo hatajua. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, na sisi wa maeneo ya malaria tunao wabebaji wengi, kwa kuwa kinasaba hicho kimoja humkinga mtu kiasi dhidi ya malaria kali. Shida inakuja wabebaji wawili wakioana. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa ya mtoto mgonjwa. Mpwa wangu alielewa kwamba basi watazaa wanne na mmoja ataumwa, wakizaa watatu wamepona. Yule dada akamsahihisha: hesabu inaanza upya kila mimba. Wa kwanza anaweza kuwa mgonjwa na wa pili pia, au wote wanne wakawa wazima. Akamwambia pia asije na kile kipimo cha haraka kinachosema tu ipo au haipo, alete cha kuchambua damu chenye kuonyesha kama mtu ni mbebaji au mgonjwa.

Shangazi aliposikia akafungua daftari upya, akachora mstari mpya kwenye kila ukurasa, akaandika juu yake: selimundu. Ameunganisha watu miaka yote hiyo kwa kuuliza Jumanne, kodi na mama mkwe, na hilo hakuwa ameliuliza. Alikasirika siku nzima. Alisema rangi ya ngozi inaulizwa na kila mpumbavu, na ya damu haiulizwi na yeyote.

Kwa hiyo barua ya posa bado haijaandikwa. Kitambaa cha kuifungia kimenunuliwa, na mimi ndiye nimeteuliwa mshenga, bila malipo, kwa kuwa eti nimeshayazoea maswali. Kijana amekwenda kutoa damu na majibu bado hayajatoka. Kipimo nimekilipia mimi, na nauli ya kwenda na kurudi pia.